SID, herufi tatu za hatari

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, imewahi kuwaonya madaktari wa mifugo kuhusu kifupisho kimoja: SID, kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya mara moja kwa siku. Walimu wa udaktari wa mifugo hukifundisha, lakini wauzaji wa dawa za binadamu hawajakizoea. Ripoti zilionyesha kuwa SID imesomwa kama BID, mara mbili kwa siku, au hata QID, mara nne. Dawa ilikuwa sahihi na mnyama ndiye yule yule. Herufi tu ndizo zilizosomwa vibaya.

Hapa kwetu hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa wenye mbwa wengi hununua dawa kwenye duka la kawaida la mtaani. Muuzaji aliyezoea karatasi za hospitali anajua OD, BD, TDS na QID. SID ni ngeni kwake.

Tuweke kisa cha namna hiyo kati ya Thika na Ruiru tuone kinavyotokea. Mbwa mwenye uzito wa kilo 37 na nusu analetwa kliniki Thika, anachechemea mguu wa nyuma. Siku hiyo anachomwa sindano ya meloxicam chini ya ngozi, miligramu 0.2 kwa kila kilo, yaani miligramu 7.5. Kuanzia kesho kipimo kinashuka hadi miligramu 0.1 kwa kilo, ambayo ni nusu ya kidonge cha miligramu 7.5. Daktari mwanagenzi, foleni ikiwa ndefu, anaandika: Meloxicam ½ SID 7/7. Mwenye mbwa anakunja karatasi na kupanda matatu kurudi Ruiru.

Dukani, S ya haraka inaonekana kama Q. Muuzaji anapiga hesabu: nusu, mara nne, siku saba, jumla vidonge 14. Ilipaswa kuwa vitatu na nusu, yaani angempa vinne basi. Mbwa sasa anameza miligramu 15 kwa siku badala ya 3.75.

Hapa ndipo ningependa tutulie kidogo, maana dalili hazikosi kujitokeza. Ya kwanza inakuja kabla ya kidonge chochote kumezwa: muuzaji anasita, anaisogeza karatasi kwenye mwanga, kisha anaamua kukisia. Ya pili ni idadi. Karatasi ingekuwa imeandikwa "vidonge 4", hesabu ya 14 ingegongana nayo palepale na simu ingepigwa Thika. Ya tatu ni mbwa mwenyewe. Anaacha chakula, anatapika, halafu kinyesi kinakuwa cheusi kama lami, kwa sababu tumbo au utumbo unavuja damu. Akianza kunywa maji mengi na kukojoa kupita kawaida, huenda figo nazo zimeguswa. Mwenye mbwa akidhani ni ule ugonjwa wa mguu umezidi, ataendelea kumpa dawa kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio utakaomuumiza mnyama wake. Ukiona dalili hizi, simamisha dawa, chukua pakiti na karatasi, mrudishe mbwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Yeyote kati yetu anayeandika akiwa amechoka anaweza kufanya kosa la mwanagenzi huyo. Kwa hiyo mwanagenzi aandike hivi, kwenye daftari na kwenye karatasi vilevile: uzito wa mnyama, meloxicam kidonge cha miligramu 7.5; nusu kidonge kwa mdomo, mara moja kwa siku, baada ya chakula; siku 7; vidonge 4. Maneno "mara moja kwa siku" yanachukua sekunde chache tu. Vifupisho vya njia ya kutoa dawa, kama IM kwa msuli, SC kwa chini ya ngozi na PO kwa mdomo, vinaweza kubaki, mradi kliniki nzima iwe na orodha moja iliyobandikwa ukutani na kila mtu aifuate.

Kadi ya chanjo nayo ina mtego wake. Wapo wanaoandika ARV wakimaanisha chanjo ya kichaa cha mbwa, katika nchi ambayo kila mtu akisikia ARV anafikiria dawa za virusi vya Ukimwi. Tena wanaongeza "12/3" bila mwaka. Siku mbwa huyo akimng'ata mtoto Ruiru, kadi ya namna hiyo haimsaidii mhudumu wa afya kujua lolote. Iandikwe "kichaa cha mbwa" kwa ukamilifu, jina la chanjo, namba ya bechi, tarehe yake ya kuisha muda, siku iliyotolewa pamoja na mwaka, na tarehe ya chanjo ijayo.

Nawe mwenye mnyama, usitoke kliniki kabla ya kuuliza ni vidonge vingapi kwa siku na vitakwisha lini. Andika jibu mwenyewe nyuma ya karatasi, na likipishana na atakalokuambia muuzaji wa dawa, mpigie daktari kwanza.