Tembe Unaloliota

Mjukuu wangu, nimechoka, lakini hili nitalisema polepole. Hii ni mara ya tatu unanipigia simu kutoka Dar es Salaam kuniambia umeota tembe letu la hapa Mlali, ukaamka unalia, na sasa unataka kuacha kazi urudi. Kabla hujafunga mzigo, nisikilize.

Mimi nami niliota. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, tuliacha makazi yetu yaliyotawanyika tukapangwa kijijini. Miaka mingi baadaye nikawa naota kaya ya baba, na ndoto ilikuja kila kiangazi kilipokaribia kwisha. Siku moja nikatembea hadi mahame. Nikakuta mbuyu na tuta la udongo mwekundu, basi. Tembe halichelewi kufa. Paa lake ni bapa: nguzo, fito, nyasi, kisha udongo juu. Mchwa hula nguzo, mvua hubomoa udongo, na pasipo mtu wa kuongeza udongo mwingine, misimu michache tu linaanguka.

Nikakaa chini ya mbuyu, nikaelewa kwa nini niliota wakati ule. Mwisho wa kiangazi ndipo tulipolitengeneza paa. Mama alibeba maji, watoto tukakanyaga matope, baba akawa juu anapokea. Usipotokea, unaitwa kwa jina. Sikuwa nimekosa kuta, mjukuu. Nilikosa kuitwa.

Sasa tazama ndoto yako. Unasema uko juu ya paa unaanika vipande vya maboga, na marehemu bibi yako anakupasia ungo kutoka chini. Mbona hukuota paa lilivyovuja? Mvua ilikatika nje, ndani likaendelea kudondosha, nawe ukalala na sufuria kando ya kichwa. Mbona hukuota mwaka uwele ulipokaukia shambani, tukala mlenda na ugali wa kuhesabu matonge? Ndoto ni kama mchuuzi wa sokoni, hupanga mazuri juu ya fungu.

Lakini haikukudanganya yote. Ungo ule ulikuwa mikononi mwa mtu aliyekungoja. Huko kwenye chumba chako cha kupanga, paa likivuja unampigia mwenye nyumba. Ukilala siku mbili, nani atagonga mlango? Hilo ndilo pengo lako, na kurudi huku moja kwa moja hakutaliziba, kwa maana aliyeshika ungo hayupo.

Fanya hivi. Mwezi wa kumi omba likizo ya wiki moja. Banda la mbuzi la shangazi yako bado lina paa la udongo, na mimi siwezi tena kupanda. Kisha ukirudi mjini, jiunge na watu watakaokununia usipofika: wanaochimbiana makaburi, wanaopikiana misibani. Ukiota tena, nieleze nani alikuwa akikungoja.

Na usilete viatu vizuri. Matope hukanyagwa peku.