Shukrani Isiyomfunga Mtoaji

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 24, yasimuliwa jinsi msemaji mmoja, jina lake Tertulo, alivyosimama Kaisaria mbele ya liwali Feliki ili kumshitaki Mtume Paulo. Kabla ya kutaja shitaka alimshukuru liwali kwa amani na kwa matengenezo ya taifa, kila namna na kila mahali. Walakini Feliki alikuwa mtawala mkali. Wayahudi wa Kaisaria wenyewe walimshitaki baadaye kwa Kaisari Nero. Shukrani iliyopita kipimo cha tendo humfanya msikiaji angojee ombi lililo nyuma yake.

Paulo naye alikuwa na shukrani ya kutoa. Alipokuwa kifungoni, Wakristu wa Filipi walimtuma Epafrodito amletee msaada, na huyo aliugua hata karibu ya kufa. Maneno makubwa yangalistahili. Lakini katika barua yake kwao, sura ya 4, Mtume asema kwamba amefurahi; akumbuka walivyompelekea msaada huko Tesalonike zaidi ya mara moja; ataja aliyeuleta; kisha asema kwamba amekwisha kupokea yote, tena anavyo tele. Neno la Kigiriki alilotumia ndilo watu wa zama zile waliloandika katika hati ya malipo, kuonyesha kwamba deni limekwisha. Awaambia wazi pia kwamba hatafuti zawadi. Basi waliotoa waachwa huru, hawadaiwi kutuma tena. Neno lenyewe la kushukuru halimo katika mistari ile, na wako waliomdhania Paulo kuwa mkavu. Wamesahau kwamba mwanzoni mwa barua amshukuru Mungu kwa ajili yao.

Sasa atazamwe kijana aliyelipiwa feza ya masomo na mjomba wake. Aandika: «Wewe ndiwe baba yangu na mama yangu, pasipo wewe ningalikufa, sitaweza kukulipa milele.» Mjomba asoma, moyo wamwia mzito. Ana watoto wake sita, na aliyekwisha kufanywa baba na mama atakataaje mwaka ujao? Tena barua haisemi hata kama feza imefika!

Kijana afute yale ya milele, aweke kitu, siku na matumizi: «Mjomba, feza imefika Jumamosi kwa mkono wa mwalimu. Nimelipa muhula wa kwanza, risiti ninayo. Nilikuwa nimerudishwa nyumbani. Sasa niko darasani. Asante sana.» Heshima ya desturi, salamu ndefu kwa mkubwa na kuuliza hali ya jamaa, isipunguzwe, hiyo haimlemei mtu. Na kama amepungukiwa na viatu, jambo hilo lingoje barua nyingine, kwa maana viatu vikitajwa chini ya asante, mjomba ataisoma barua yote tangu juu kama maneno ya Tertulo.