Dakika za Mtoto Mwenye Haya

Je, mtoto anastahili kuingia uwanjani kwa sababu anacheza vizuri, au kwa sababu ni mmoja wa watoto wa timu? Swali hili lilinijia nilipomsaidia dada yangu, mkazi wa Buyenzi hapa Bujumbura, kumwandikia barua kocha wa mwanawe. Mtoto ana miaka 10, na ana haya. Hafiki mazoezini kwa kuchelewa hata siku moja, lakini siku ya mechi huingizwa dakika 5 za mwisho, wakati matokeo yamekwisha kujulikana.

Aristotle alisema kwamba zumari bora apewe mpigaji bora, wala si mwenye nasaba au sura nzuri. Makocha wengi wanaamini hivyo hata kama hawajamsoma. Hoja hiyo inafaa kwa watu ambao wamekwisha kujifunza kupiga. Mtoto wa miaka 10 bado anajifunza, na asiyepewa zumari atajifunzaje? Tena ubora wenyewe mara nyingi hupimwa kwa sauti. Anayepiga kelele "Nipe! Nipe!" hupewa mpira, huugusa mara nyingi, huonekana. Mwenye haya husimama mahali pazuri kimya, na hakuna anayemtazama.

Barua ya kwanza ya dada ilisema: "Naomba mwanangu aongezewe muda." Nikamuuliza, muda huo utatoka kwa nani? Utatoka kwa mtoto mwingine, ambaye labda mama yake hajui kuandika barua. Basi tukakaa tukapiga hesabu. Wanacheza watoto 7 kila upande, golikipa akiwemo, kwa dakika 50. Kocha ana dakika 350 za kugawa, na timu ina watoto 12. Kila mtoto akihakikishiwa dakika 25, zimetumika 300. Zinazobaki 50 kocha awape anaowaona bora, maana wale wenye kipaji nao wana haki yao, na kushinda si dhambi. Kanuni za soka zinaruhusu mashindano ya watoto kukubali mchezaji aliyetolewa arudi tena, kwa hiyo jambo hilo linawezekana.

Tukaandika upya: "Kocha wetu, kwa heshima tunaomba kila mtoto anayehudhuria mazoezi acheze walau nusu ya mechi, na aambiwe mapema ataingia lini." Hilo la mwisho ni kwa sababu mtoto huyu akiitwa ghafla kwa sauti kubwa, miguu humwisha nguvu.

Mimi nilitaka tuandike wazi kwamba ana haya, la sivyo atapewa dakika zake pembeni kabisa, mpira usikofika. Dada alikataa. Alisema neno hilo likishaandikwa, kocha hataona kitu kingine kwa mtoto, naye mtoto anabadilika kila mwezi. Tulibishana jioni nzima. Barua iliondoka bila neno hilo.