Nyoosha Kiswahili Tu

Kazi hizi huja na maelekezo mafupi. Barua ya ukurasa mmoja, imetafsiriwa na mashine kutoka Kiingereza, na ombi moja: "Nyoosha Kiswahili tu." Barua ya Kiingereza yenyewe haiambatanishwi. Kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta nauli, ni kazi nzuri. Ila hiyo "tu" inaficha swali: ninayesahihisha lugha ya barua, je, nawajibika kwa kile inachosema?

Chukua barua ya kampuni inayomdai mteja. Inaanza na "Mpendwa Bwana," kama barua ya mchumba. Karani wa Dar es Salaam angeandika "Ndugu," kisha "YAH:" na kichwa cha habari. Inaendelea: "Tafadhali pata kauli iliyoambatanishwa yenye salio bora la shilingi 1,250,000. Maslahi ya asilimia 2 yatatozwa." Kauli hapo ni taarifa ya akaunti. "Salio bora" ni deni ambalo halijalipwa. Neno moja la Kiingereza hubeba maana zote mbili, na mashine imeokota ile ya sifa. "Maslahi" ni riba, kwa sababu hiyo hiyo. Makosa ya namna hii siyaogopi. Yanapiga kelele, na hata msomaji asiyejua Kiingereza angetambua kwamba kuna jambo haliko sawa.

Alama za uandishi ni kimya zaidi. "Wateja wetu, ambao hawajalipa bili ya Aprili, watasitishiwa huduma." Kwa mikato hiyo miwili, sentensi inasema wateja wote wa kampuni hawajalipa na wote watakatiwa. Ondoa mikato, wanabaki wale wanaodaiwa peke yao. Hapa naiondoa bila kusita, kwa kuwa hakuna kampuni inayokusudia kuwakatia huduma wateja wake wote kwa siku moja. Maudhui yenyewe yanatosha kuamua.

Kisha nafika kwenye sentensi hii: "Malipo yapokelewe kabla ya saa 4:00 jioni, siku ya Ijumaa."

Kiswahili hakina saa nne jioni. Saa nne ni ya asubuhi au ya usiku. Kwa hiyo najua kuna kosa, lakini lugha hainiambii lirekebishwe vipi. Huenda mashine imenakili tarakimu ya Kiingereza, ambayo kwa hesabu yetu ya saa ni saa kumi jioni. Hilo ndilo kosa la kawaida. Lakini huenda pia aliyeandaa barua alikwisha kuibadilisha tarakimu kwa mkono, akaacha neno "jioni" likining'inia, na alichotaka ni saa nne usiku. Malipo ya simu hayangoji ofisi ifunguliwe. Marekebisho yote mawili ni Kiswahili safi. Kati yake kuna saa sita. Mteja atakayelipa saa kumi na mbili jioni atakuwa amewahi kwa tafsiri moja, na kwa nyingine amechelewa na anatozwa riba.

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi hizi anasema najitwisha mzigo usio wangu. Fundi akiambiwa apake meza vanishi, anasema, hakuulizwa habari za mguu uliooza. Hoja yake ina nguvu, hasa ukiangalia malipo. Hata kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha 2015, kinatenganisha kusoma tafsiri peke yake na kuilinganisha na matini asilia, na mimi nimelipwa kwa ile ya kwanza. Lakini vanishi inaufunika mguu. Mteja akikuta "saa 4:00 jioni" kwenye barua mbovu atapiga simu kuuliza. Akikuta "saa 4:00 usiku" kwenye barua iliyonyooka, hana sababu ya kushuku. Kazi yangu ndiyo inayomwondolea shaka hiyo, kwa hiyo siwezi kusema kilicho chini yake hakinihusu. Naona nikibahatisha saa, hata nikipatia, nimemwekea mtu mwingine dau bila kumuuliza, na anayelipa nikikosa si mimi wala aliyenituma.

Kwa hiyo barua hairudi ikiwa imenyooka yote. "Ndugu" imekaa mahali pake, riba ni riba, deni ni deni, mikato imetoka. Saa naiacha ilivyo, naipaka njano, na pembeni naandika: "Barua ya Kiingereza inasema saa ngapi, na ni mchana au usiku?" Wapo wanaojibu kwa dakika tano. Yupo aliyejibu, "Wewe weka yoyote inayosomeka vizuri." Huyo nilimwomba anitumie ile ya Kiingereza.