Wastani wa Kani na Kani ya Wastani

Wanangu mnaoanza fizikia ya kwanta, mapema tu mtafika kwenye ukurasa unaofariji. Baada ya wiki nyingi za mawimbi na uwezekano, mtaonyeshwa kwamba wastani wa mahali pa chembe na wastani wa momenta yake hufuata milinganyo inayofanana sana na ya Newton. Mtaambiwa kwamba dunia tuliyoizoea imo ndani ya ile mpya, kisha ukurasa utafunuliwa na somo litaendelea. Ninyi msiufunue haraka. Nimefundisha vijana wengi waliohitimu vizuri wakiwa wameuelewa ukurasa huo kinyume, na kosa hilo huwafuata hadi kwenye utafiti.

Aliyeandika jambo hili ni Paul Ehrenfest, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa profesa Leiden, Uholanzi. Makala yake ya kurasa chache ilitoka mwaka 1927, mwaka mmoja tu baada ya Schrödinger kuchapisha mlinganyo wake. Hesabu yenyewe ni fupi, nanyi mwifanye kwa mkono wenu badala ya kuikariri. Katika kwanta, mahali x na momenta p ni vitendo vinavyofanyiwa wimbi, na kuvifanya kwa mpangilio tofauti hutoa majibu tofauti: xp − px = iħ. Mlinganyo wa Schrödinger nao unatupa kanuni ya kujua wastani wa kitu chochote unabadilikaje. Chukua kitu hicho, kizidishe na nishati H kwa mipangilio miwili, toa moja kwenye nyingine, gawanya kwa iħ, kisha tafuta wastani wa kilichobaki. Nishati ni H = p²/2m + V(x). Ukianza na x, sehemu ya V haibaki na kitu na sehemu ya p² inatoa iħp/m. Ukianza na p, mambo yanageuka: p² inatoweka na V inatoa −iħ mara mteremko wake. Kugawanya kwa iħ kunaifuta ħ pande zote mbili, na tunabaki na:

d⟨x⟩/dt = ⟨p⟩/m

d⟨p⟩/dt = ⟨F(x)⟩, ambapo F = −dV/dx

Hakuna makadirio popote hapo. Milinganyo hii ni kweli tupu kwa elektroni, kwa atomi na kwa jiwe. Ndiyo maana nasema mwitazame vizuri, hasa huo wa pili. Newton angetaka kani iliyopo mahali pa wastani, yaani F(⟨x⟩). Tulichopata ni wastani wa kani, ⟨F(x)⟩, uliokusanywa kutoka kila mahali wimbi lilipotanda. Hivyo ni vitu viwili, na habari nzima ya lini Newton anafaa na lini hafai imo katika tofauti yake.

Tuichukue chembe iliyofungwa kwenye springi ambayo haijanyooka kabisa, inayozidi kukaza kadiri inavyovutwa: F = −kx − βx³. Wastani wa kx ni k⟨x⟩, basi, hapo Newton anapata alichotaka. Kipeo cha tatu ndicho chenye matata. Kama wimbi limejigawa sawasawa pande zote mbili za wastani wake, na mtawanyiko wake ni σ, basi ⟨x³⟩ = ⟨x⟩³ + 3⟨x⟩σ². Kiungo hicho cha ziada, 3⟨x⟩σ², ndicho kinachotutenga na Newton. Mtawanyiko ukiwa sehemu ya kumi ya ⟨x⟩, sehemu ya β ya kani inapotoka kwa asilimia 3 tu. Mtawanyiko ukifika nusu ya ⟨x⟩, upotofu ni asilimia 75, na mtu anayemfuata Newton atakuwa anafuata chembe isiyokuwapo.

Kwa hiyo mkiona mtu anasema wastani unafuata Newton, mwulizeni mambo mawili: wimbi ni pana kiasi gani, na kani inajipinda kiasi gani ndani ya upana huo. Kani isiyojipinda kabisa, kama ya springi iliyonyooka (β = 0), ya uga sawia wa umeme, au ya uvutano karibu na ardhi, haijali upana. Hapo wastani humfuata Newton barabara hata wimbi likiwa na umbo la ajabu namna gani. Kani inayojipinda inataka wimbi jembamba.

Na wimbi jembamba halikai jembamba. Elektroni huru iliyobanwa ndani ya nanomita 1 huongeza upana wake kwa takriban asilimia 40 katika femtosekunde 17. Chembe ya vumbi ya mikrogramu 1, iliyobanwa ndani ya mikromita 1, ingehitaji takriban miaka 600,000 kupanuka kiasi hicho. Namba hizo zimetoka kwenye fomula moja, 2mσ²/ħ, na zinaonyesha kwa nini tungamo ndilo linalotupatia dunia ya mawe na mipira. Ila msisahau saa. Springi yetu ya β ina tabia nyingine: anayeyumba kwa upana mkubwa huyumba haraka kuliko anayeyumba kwa upana mdogo. Fikirini wakimbiaji walioanza pamoja kwenye uwanja wa mviringo, kila mmoja na kasi yake. Baada ya mizunguko mingi wamesambaa njia nzima, na wastani wa mahali pao ni katikati ya uwanja, kwenye nyasi, ambako hakuna aliyewahi kukanyaga. Wimbi la springi hufanya vivyo hivyo. ⟨x⟩ inapungua hadi karibu sifuri na kubaki hapo kwa muda mrefu, ilhali chembe ya Newton ingeendelea kuyumba vilevile kama siku ya kwanza. Mwendo wa vurugu huleta siku hiyo mapema zaidi, kwa kuwa mtawanyiko hujirudufu kila baada ya muda fulani. Kutoka upana wa atomi hadi mita 1 ni marudufu 33 hivi.

Hapa sasa ndipo wengi wanapopotea, na hapa ndipo nasaha yangu inapoelemea. Wakiona wastani umemwacha Newton, wanasema: kwanta imejitokeza. Rudini kwenye mfano wa wakimbiaji. Wao si elektroni. Rudini na kwenye kiungo 3⟨x⟩σ². Mnaiona ħ humo? Hamuioni, kwa sababu haimo. Chukua mipira elfu ya kawaida kabisa, itawanye kidogo mwanzoni, iachie kwenye springi ileile, na wastani wa mahali pa mipira hiyo utamwacha Newton kwa fomula ileile. Wingu lolote lenye upana, la kwanta au la mipira, litafanya hivyo. Leslie Ballentine na wenzake waliliandika hili wazi mwaka 1994: kufuata au kutofuata mlinganyo wa Newton kwa wastani hakutoshi kutuambia kama mfumo ni wa kawaida au wa kwanta.

Upande wa pili wa shilingi hiyo ni mkali vilevile. Chukueni chembe kwenye springi iliyonyooka, ikiwa katika ngazi yake ya chini kabisa ya nishati. ⟨x⟩ ni sifuri milele, ⟨p⟩ ni sifuri milele, na Newton anaridhika: mpira uliotulia. Lakini chembe hiyo ina nishati ya ½ħω ambayo huwezi kuinyang'anya, na ukitaka kuipandisha lazima uilipe ħω nzima, si pungufu. Mlinganyo wa wastani unakubaliana na Newton kikamilifu na haujasema lolote kuhusu hayo. Elektroni inayofika kwenye kizuizi ikagawanyika nusu kupita na nusu kurudi iko hivyohivyo. Wastani wake unasimama karibu na kizuizi na momenta ya wastani inakaribia sifuri, jambo ambalo ni kweli kimahesabu, ingawa kila mara ukiitafuta utaikuta upande mmoja au mwingine ikiwa inakwenda zake.

Basi ulinganishe nini na nini? Linganisha wingu na wingu. Wingu la kwanta liwekwe kando ya wingu la mipira lenye upana uleule wa mahali na wa momenta, yaachiwe pamoja, kisha uangalie yanaachana lini. Mfano ninaoupenda ni wa atomi. Elektroni iliyopandishwa kwa mpigo mfupi wa leza hadi karibu na ngazi ya 60 hufanya kama sayari: huenda mbali na kiini na kurudi, kila safari ikichukua takriban pikosekunde 33. Ngazi za atomi haziko kwenye umbali sawa, kwa hiyo wimbi husambaa na wastani hupoteza mdundo wake, kama wakimbiaji wale. Wingu la mipira lingeishia hapo, likizidi kujikunja na kuwa jembamba kama uzi. La kwanta halifanyi hivyo. Kwa kuwa nishati zake zinahesabika moja moja, vipande vyake vinafika mahali vinapokubaliana tena, na baada ya safari 20 hivi wimbi linajikusanya upya na kuanza kwenda na kurudi kana kwamba halikuwahi kusambaa. Mwaka 1990, kundi la Carlos Stroud katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, lililiona hili kwenye atomi za potasiamu. Walitumia mpigo wa pili wa leza, ambao huing'oa elektroni kwa urahisi inapokuwa karibu na kiini. Ishara iliyopanda na kushuka ilififia, kisha ikarudi.

Kurudi huko ndiko kwanta yenyewe. Kufifia hakukuwa.

Na kuna fomula inayoonyesha ħ ilikojificha. Eugene Wigner alionyesha mwaka 1932 namna ya kuchora wimbi kama wingu lenye mahali na momenta kwa pamoja. Wingu hilo husogea kama wingu la mipira, pamoja na viungo vya ziada, na cha kwanza kati ya hivyo kina ħ²/24 kikizidishwa na mteremko wa tatu wa V. Kwa springi yetu, mteremko huo wa tatu ni 6βx. Andikeni programu ndogo, mwendeshe mawingu mawili kwa β moja, na mchore ⟨x⟩ zote mbili kwenye karatasi moja. β ikiwa sifuri mistari itafunikana daima. β ikiwa ndogo itaondoka kwa Newton ikiwa imeshikana kwa muda mrefu, na mtakapoona mmoja umekaa bapa kwenye sifuri huku mwenzake ukianza kuyumba upya, pimeni muda huo, kisha mpunguze ħ kwa nusu na mpime tena.