Faranga zimepanda, magunia je?

Asubuhi ya leo tumtazame muuzaji wa unga hapa Lubumbashi anayemwandalia mkubwa wake ripoti ya mwaka.

Tuchukue 2023. Mwaka ulipoanza, dola moja ilikuwa karibu faranga 2,000. Ulipokwisha, ilikaribia 2,700. Tuseme Januari aliuza unga wa faranga milioni 40, na Desemba milioni 54. Kwenye karatasi ni ongezeko la asilimia 35, na lengo limevukwa. Lakini gawanya kila mwezi kwa bei yake ya dola: Januari ni dola 20,000, Desemba pia ni 20,000. Na unga unaopita Kasumbalesa kutoka Zambia hununuliwa kwa dola.

Basi aandike faranga, kando yake dola, na kando ya dola magunia. Magunia hayadanganywi na soko la fedha. Yakiwa yaleyale, aseme wazi: tumeshikilia soko, hatujakua. Mwaka kama ule, kushikilia si jambo dogo.

Wateja wapya nao wana hila yao. Duka la Kenya, ile komini yetu, likichukua magunia kumi kwa mkopo halafu likanyamaza, huyo si mteja bado, ni deni. Mimi ningemhesabu akishalipa na kurudi mara ya pili. Na waliohama watajwe kwenye ukurasa uleule.

Wewe unayeandika ripoti leo, weka bei ya dola ya kila mwezi chini ya jedwali, kabla mkubwa hajaiuliza.