Muuguzi, Dhamiri Yake na Mama Anayevuja Damu



Mama mmoja wa Bondo, anayesomea uuguzi, ametuandikia. Darasani wamepewa mdahalo: je, muuguzi aweza kukataa huduma ya uzazi inayopingana na dhamiri yake? Mumewe amemwonya asimguse kabisa mgonjwa aliyetoa mimba, asije akashiriki dhambi. Naye aogopa kumwacha mtu afe.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 32, yalinda uhuru wa dhamiri. Kifungu cha 43 chasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Muuguzi amefungwa na vyote viwili.

Tuseme usiku analetwa mama mwenye mimba ya wiki 11. Damu yamwagika, jasho baridi lamtoka, mapigo ya moyo yamepita 110 kwa dakika na presha ya juu imeshuka chini ya 90. Daktari aona mimba imekwisha kuharibika, mabaki yamo kizazini. Je, iliharibika yenyewe au alimeza dawa? Mara nyingi kwa macho haijulikani, na matibabu ni yale yale: dripu, damu ikihitajika, na kusafisha kizazi kwa pampu ya mkono. Pampu hiyo hutumika pia kutoa mimba, ndiyo maana wengi huchanganyikiwa. Lakini Kanisa hupima tendo, si chombo. Mtoto amekwisha kufa. Kumsafisha mama ni kumtibu. Hapa, ndugu mume, onyo lako limepita kiasi.

Mtoto akiwa hai, mambo hubadilika. Waraka *Evangelium Vitae* wa 1995 wafundisha kwamba mhudumu asishiriki moja kwa moja kumtoa, na asiadhibiwe kwa kukataa. Hata hivyo anakataa tendo, hamkatai mgonjwa. Amweleze mkuu wa wodi mapema, anapopangiwa zamu, si wakati mama yuko tayari kitandani. Sindano za kupanga uzazi ni rahisi zaidi: wauguzi wenzake waweza kubadilishana naye kazi.

Upande wa pili una hoja nzito. Katika zahanati ya kisiwani, kama kule Mageta, pakiwa na muuguzi mmoja tu usiku, wa kubadilishana naye ni nani? Kukataa kwake kwaweza kuwa kumfungia mama mlango. Kumpima, kumwekea dripu na kumtafutia boti ni wajibu wake daima. Lakini kumwelekeza mgonjwa kwa mtu atakayetenda tendo lenyewe, walimu wengi wa maadili ya uuguzi wasema ndio wajibu wa chini kabisa. Walimu wa Kanisa waona ni kushirikiana nalo. Hapo hawapatani, wala dada yetu asijaribu kuwapatanisha kwa maneno laini mbele ya mwalimu wake.

Nawe mume, akirudi kutoka zamu usimhoji alimgusa nani. Siri ya mgonjwa haimruhusu kukuambia.